Asante Yenye Siku Tisini

"Usiniite Baba Kate! Leo niite Njogu, vile uliniandika kwa hao watu wako!"

"Sikukuandika, Baba Kate. Haki ya Mungu sikukuandika."

"Mtu haletewi watu wawili na faili Ijumaa asubuhi bila kuandikwa mahali!"

Nilitoka saluni na kitana mkononi, nikamwacha Carolyne kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona polisi. Kati ya saluni yangu na duka la Njogu kuna ukuta wa mbao tu, na mbao hizo zina nyufa, kwa hivyo mengi ya hapa Maringo hunifikia yakiwa bado moto. Haya hayakuhitaji ufa. Njogu alikuwa nje ya duka lake, mikono kiunoni, na mbele yake alisimama Amondi, binti wa Perez wa nyumba ya tatu kutoka bombani, ameshika ndoo tupu kama ngao.

Njogu ni mtu mpole. Miaka kumi na minne anatuuzia mkate na maziwa, na sijawahi kumsikia akimpandishia mtoto wa jirani sauti. Nikajua hili lina mizizi. Nikasogea.

"Kwani kuna nini, majirani?"

"Muulize huyu, Mama Owen!" Njogu alinigeukia kama mtu aliyepata hakimu. "Jumatano alikuja kununua chumvi. Akaanza: Baba Kate, hii sabuni ya pakiti ya kijani inatembea? Baba Kate, mbona hukuongeza nyingine? Baba Kate, wale wa kampuni hupita siku gani? Mimi namjibu, si ni mtoto wetu? Kumbe ananipima! Leo asubuhi, gari jeupe. Mwanamke na mwanamume, kadi shingoni, faili kwapani, na yule mwanamume anapiga rafu zangu picha. Na leseni yangu unajua imelala tangu Januari."

"Kanjo! Askari wa kaunti!" Carolyne alisema kutoka mlangoni. Hakuweza kuvumilia kitini.

"Wewe ulidhani ni nani, kwaya?"

Amondi aliweka ndoo chini polepole. "Walikuuliza nini, Baba Kate?"

"Eti mwenye duka ni nani. Nikawaambia Njogu ameenda mazishi Murang'a, mimi nashikilia tu." Hasira ilianza kumtoka, majivuno yakaingia. "Eti hii sabuni ya kijani ina shida gani? Nikasema haina shida, inaisha kila wiki, na kila wiki tunaagiza. Eti kuna msichana alipita hapa juzi kuuliza maswali? Nikasema hajapita mtu. Eti unamjua Amondi? Nikasema Amondi gani? Hapa hakuna Amondi."

Mimi na Carolyne tulicheka mpaka tukashikana.

"Na sikukomea hapo," Njogu alisema. "Nikatuma kwa grupu ya wenye maduka: watu wa faili wako mtaani, gari jeupe. Kabla hawajafika kwa Seth pale kona, Seth ashapanga majibu. Kwa maduka yote wakaambiwa vivyo hivyo. Hakuna shida, hakuna Amondi."

Hiyo ndiyo desturi yetu, na asiyeijua si wa huku. Mgeni mwenye karatasi akikuuliza jina, huna jina. Akiuliza biashara, biashara ni nzuri na si yako. Ukweli una wakati wake, na wakati huo si wakati wa faili.

Ila Amondi hakucheka. Alikalia kreti ya soda, mikono magotini.

"Hao si kanjo," alisema. "Ni wa kampuni ya sabuni. Walikuja kuangalia kama nilichowaandikia ni kweli. Na nyinyi nyote mmewaambia ni uongo."

Bombani mtu alikuwa ameacha maji yakimwagika, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemfokea.

Ngoja nieleze, maana mimi habari ya kazi hii niliijua tangu mwanzo. Amondi aliuza viatu vya akala soko la Kariokor miaka mitatu. Ana diploma ya mauzo iliyofungiwa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro la mamake, na ameitwa kwa mahojiano mara saba. Zote saba zilikwisha na "tutakupigia". Jumanne hii alikwenda Industrial Area, kwa kampuni inayotengeneza hiyo sabuni ya pakiti ya kijani. Walitaka mtu wa kuuza kwa maduka madogo ya Eastlands, kutoka Makadara hadi Dandora. Aliketi mbele ya watu wawili. Mmoja ni Kivuva, meneja wa mauzo. Wa pili ni mama anaitwa Mirriam, anayesimamia magari ya kupeleka mzigo.

Aliporudi alikuja saluni moja kwa moja, viatu mkononi. "Nimeharibu, Mama Owen," aliniambia. Kivuva alimweleza shida yao waziwazi. Maduka kumi yakichukua katoni ya kwanza, ni matatu tu yanayoagiza ya pili. Halafu akamuuliza: wewe wiki ya kwanza utafanya nini? Amondi akajibu, nitauza kwa bidii.

"Akafanyaje?" niliuliza.

"Aliangalia saa."

Watu wengi wangelala na aibu hiyo. Amondi hakulala nayo. Jumatano alizunguka maduka sita ya mtaa wetu akinunua vitu vidogo vidogo, chumvi hapa, kiberiti pale, akiuliza. Kabla ya saa kumi jioni alikuwa amewaandikia barua pepe ya kushukuru, Kivuva yake na Mirriam yake, na ndani ya shukrani akatia mpango wa siku zake tisini za kwanza. Nilimwona akiiandika kwenye simu, amekaa chini ya mashine yangu ya kukausha nywele. Nilimwambia nilichofikiri. "Unawapikia na kuwapakulia? Watachukua mpango, kazi wampe shemeji ya mtu."

"Wakichukua karatasi bado watahitaji miguu ya kuitembeza," alinijibu.

Sasa hii Ijumaa, akiwa bado juu ya kreti, simu yake ililia. Alisoma, akanipa. Nikasoma kwa sauti, maana Njogu alikuwa amejisogeza na Perez, mamake Amondi, alikuwa ametoka nyumbani akipangusa mikono.

"Amondi. Wenzangu wamepita maduka ya mtaani kwenu leo. Hakuna aliyethibitisha uliyoandika, wala anayekujua. Kama una maelezo, nitumie kabla ya saa kumi na moja. Uamuzi ni Jumatatu. Kivuva."

"Wuololo," Perez alisema, akashika kichwa. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama Njogu, na hapo akakaza macho. "Baba Kate. Umemkana mtoto wangu?"

"Mama Amondi, ningejuaje? Na kwanza," Njogu alinyoosha kidole, shaka ikimrudia, "kama kweli hakuniandika, walijuaje kuja kwangu? Maduka ni mangapi Maringo? Hiyo barua isomwe hapa hapa. Yote. Usiruke mstari."

Ilikuwa haki yake. Amondi aliitafuta, akasoma. Aliisoma bila madaha, kama mtu anayesoma orodha ya maiti.

"Bwana Kivuva, asante kwa muda wako jana, na kwa kunieleza wazi kwamba maduka saba kati ya kumi hayarudii kuagiza. Uliniuliza ningefanya nini wiki ya kwanza, na jibu langu halikutosha. Leo nimejaribu tena. Nimezungumza na wenye maduka sita mtaani kwetu. Wanne waliniambia muuzaji wenu hupita Ijumaa alasiri, na Bi Mirriam alisema ndiyo siku gari linafika huku. Ijumaa alasiri mwenye duka yuko sokoni akinunua vitu vya wikendi, na aliyeachwa kaunta hana ruhusa ya kuagiza. Wawili walisema katoni nzima ni kubwa kwao."

Njogu aligeuka kuangalia kaunta yake. Hilo la sokoni lilikuwa lake, kila mtu alijua.

"Mkinichukua, siku thelathini za kwanza nitatembea njia yote na gari la mzigo na kuandika kila duka lililoagiza mara moja likaacha, na sababu. Siku thelathini za pili nitachagua ishirini kati ya hayo, niyapitie Jumanne na Jumatano, siku ile ile kila wiki, na pale katoni ni kubwa, nitatafuta maduka mawili jirani yagawane moja, bila kampuni kubadilisha utaratibu wake. Siku thelathini za mwisho nitawaonyesha ni mangapi kati ya hayo ishirini yamerudia kuagiza. Leo ni matatu kwa kila kumi. Ninalenga matano. Yasipofika, nitawaambia ni kwa nini na nini kibadilishwe. Huu ni mpango wa mtu aliye nje ya mlango. Mkiniambia nisichokiona, nitausahihisha. Asante tena. Amondi."

"Basi?" Njogu aliuliza.

"Basi."

"Jina langu haliko."

"La mtu yeyote haliko. Wameona tu anwani yangu kwa karatasi zangu, wakaanza na duka lililo karibu na bomba."

Carolyne akapiga kofi moja. "Si barua tamu! Mimi ningemwajiri."

Perez alikuwa hajamaliza na Njogu. "Kwa hivyo hana kosa. Chukua simu, umpigie huyo Kivuva, umwambie wewe ndiye Njogu na ulidanganya."

"Nimwambie nilidanganya?" Njogu alirudi nyuma hatua moja. "Mama Amondi, fikiria. Mtu niliyemwambia sipo, nimpigie nimwambie nipo, na nilichosema si kweli, lakini ninachosema sasa ni kweli? Wewe ungemwamini? Atadhani msichana amenipa pesa ya soda." Halafu akamgeukia Amondi, na sauti yake ikashuka. Nadhani hapo ndipo alisema lililokuwa likimuuma tangu asubuhi. "Na tena kosa analo. Uliniuliza kama mtoto wa jirani, nikakujibu kama mtoto wa jirani. Hukuniambia maneno yangu yanakwenda Industrial Area. Ungeniambia, ningejua leo ni nani anakuja. Ulininyemelea, Amondi. Na chumvi yako ya shilingi ishirini."

Nilitaka kumtetea Amondi. Mtu akikuibia kuku unajua la kusema. Huyu hakuiba, na bado jamaa alikuwa ameibiwa.

Amondi aliinuka kwenye kreti. "Ni kweli," alisema. "Niliogopa ukijua ni ya kampuni utanipa majibu ya kampuni."

"Ningekupa."

"Najua. Lakini ni kweli, Baba Kate. Pole."

Njogu aliingia dukani akaanza kupanga mikate ambayo ilikuwa imepangwa tayari.

Ilikuwa inakaribia saa tisa. Tukaingia saluni, mimi, Perez na Amondi, na Carolyne akarudi kitini nimalize kichwa chake. Watu wengine wawili wakaja kwa sababu wameona tumejaa. Kila mmoja alikuwa na shauri.

"Andika hivi," nilisema. "Hao wenye maduka waliwadanganya, majina yao ni haya na haya, namba zao ni hizi. Apige mwenyewe."

"Niwataje ndio niokoke? Halafu Jumatatu nikiingia kwa duka la Seth, Seth anipe nini? Mgongo."

"Basi usijibu," Perez alisema. "Hao ni wezi. Mpango wanao tayari. Wanatafuta sababu ya kukuacha. Kwanza mtu gani anatuma wapelelezi kwa sababu ya barua ya asante?"

Hata mimi nilikuwa na wasiwasi huo huo. Kampuni inayomwamini mtu haimtumii gari. Nilimwona huyo Kivuva akilini, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anacheka, karatasi ya Amondi mkononi na jina lake limekatwa juu. Nilisema hivyo, na saluni nzima ikakubali, na kwa dakika kumi tulimla Kivuva nyama bila chumvi, mtu hatujawahi kumwona.

Amondi alikuwa anaandika. Alifuta, akaandika, akafuta. Saa kumi na nusu akasema, "Sikilizeni, halafu mniache."

"Bwana Kivuva, maelezo ni haya. Watu sita niliowataja ni majirani zangu. Niliwauliza kama jirani, sikuwaambia majibu yao yatafika kwenu. Hilo ni kosa langu, si lao. Leo walidhani wageni wenu ni maafisa wa kaunti, wakajilinda, kama wanavyojilinda kila siku. Sitataja majina yao bila ruhusa yao, hata kama nitakosa nafasi. Ila nimejifunza jambo ambalo mpango wangu haukuwa nalo, na nimelitia kwenye mwezi wa kwanza: kabla ya kuuliza swali lolote nitasema mimi ni nani, nimetoka wapi, na jibu linakwenda wapi. Nadhani hata majibu ambayo kampuni imekuwa ikipewa huku kwa muda mrefu ni kama yale ya leo. Asante kwa kuniuliza kabla ya kuamua."

"Umejichongea msalaba," Carolyne alisema.

Akabonyeza. Ikaenda.

Hakuna aliyejibu jioni hiyo.

Jumamosi mchana, kama saa saba, jua limesimama katikati, simu ya Njogu ililia ng'ambo ya ukuta wangu. Nilimsikia akiisoma kwa sauti ya chini. Ilikuwa grupu yao. Seth: mtu mmoja, kwa miguu, shati la bluu, hana faili, anauliza bei tu. Mwangalieni.

Niliweka jicho kwenye ufa.

Mtu wa shati la bluu alisimama kaunta. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, kola imelowa jasho, viatu vimejaa vumbi.

"Habari, mzee. Nipe hiyo sabuni ya kijani. Pakiti moja."

Njogu alimtazama. Akamtazama tena. Akaitoa rafuni, akaisukuma juu ya kaunta.

"Hii imepasuka," mtu yule alisema, akiigeuza.

"Zote zimepasuka. Si panya, ni gari lao linazirusharusha njiani. Unataka isiyopasuka, nenda kwa waliotengeneza."

"Ni sisi tuliotengeneza."

Nilimwona Njogu akitafuta mazishi mengine ya kwenda, na nikaomba moyoni asiyapate.

"Wewe ndiye Kivuva?"

"Ndiye mimi. Nimetembea tangu Jogoo Road, kila duka limeniambia hakuna shida. Wewe ni wa kwanza kuniambia kitu. Jina lako nani?"

Njogu alifungua mlango mdogo wa kaunta, akatoka nje. Sikuhitaji ufa tena, nikatoka pia. Perez alikuwa mlangoni kwake tayari. Amondi alikuwa bombani, amejitwisha mtungi, akasimama nao hapo hapo.

"Naitwa Njogu. Jana niliwaambia watu wako nimekufa, sijui nimezika, sikumbuki. Niliwadhani kanjo." Alikuwa anasema haraka, kama mtu anayevuka barabara. "Alichoandika huyu msichana wa soko la Ijumaa, ni mimi nilimwambia. Ruhusa sikumpa jana. Leo nimempa. Lakini hakuandika yote, kwa sababu mimi sikumwambia yote. Ngoja."

Akaingia ndani, akarudi na mfuko wa gunia, akaumwaga juu ya benchi. Pakiti za kijani kumi na moja, zimechanika, nyingine zimegandamana kwa unyevu.

"Tangu mwezi wa pili," alisema. "Yule kijana wenu wa zamani nilimwonyesha. Akasema atarudi kuzibadilisha. Mpaka leo. Unaniuliza kwa nini siagizi? Nikiagiza katoni ya pili, nani atakumbuka hizi?"

Kivuva aliinua moja, poda ikamwagika kwenye kiatu chake. Hakuipangusa. Akamgeukia Amondi.

"Njoo."

Amondi alitua mtungi. Nilikuwa nimemwambia ajipake mafuta asubuhi, hakusikia. Alikuja na leso kiunoni na mapajani maji.

"Nitakuuliza, na usinijibu kama mtu wa mahojiano," Kivuva alisema. "Mwezi huu nimepokea barua thelathini za asante. Zote tamu. Zote zina mpango wa siku tisini. Siku hizi simu inaandika hata mapenzi. Yako ilikuwa na maduka sita, nikasema huyu naye ametungiwa. Ndiyo nikatuma watu. Nani alikuandikia?"

"Nimeandika mimi. Mama Owen alikuwa anawasengenya pale kando nikiandika."

"Ni kweli," nilisema. "Nilimwambia wewe ni mwizi."

Kivuva alinitazama, akaamua kunipita. "Haya. Siku ya tisini, kati ya hayo maduka ishirini, yamerudi manne tu. Uliniahidi nusu. Utaniandikia nini?"

"Manne."

"Tu?"

"Manne, na majina ya yale kumi na sita kama yatakubali kutajwa, na kila moja lilisema nini."

Alikuna shingo. Sikuweza kumsoma. Watu wa mauzo huwa na uso kama mlango uliofungwa na pazia limefunguliwa. Halafu akamwambia Njogu, kama utani, "Basi mzee, tumeongea vizuri. Nikuandikie katoni moja, huyu aanze na bahati nzuri?"

Nilimwona Amondi akikunja ngumi. Katoni moja tu. Njogu angeitikia, kazi ingekuwa imeanza.

"Hapana," Njogu alisema. "Hizi kwanza."

Na kabla Kivuva hajafungua mdomo, Amondi alikuwa amechukua kalamu kwa Carolyne, aliyekuja na nywele mpya kuona, na anaandika kwenye kipande cha kaki cha kufungia mkate. "Pakiti kumi na moja zibadilishwe. Agizo baadaye," alisoma akiandika. "Baba Kate, naenda na hii karatasi kwao. Maneno yako yanakwenda Industrial Area. Sawa?"

"Sasa ndio unaniuliza," Njogu alisema. "Sawa."

Kivuva aliichukua ile kaki, akaisoma, akaikunja mara mbili akaitia mfuko wa shati.

"Mirriam alisema tangu Jumanne tukuchukue," alisema. "Mimi ndiye nilikataa. Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi, barua ya kazi itakuwa tayari. Lakini sikia. Kwetu kipindi cha majaribio ni miezi mitatu. Hizo siku tisini zako ndizo zenyewe. Nimezichapisha, nitazibandika ukutani juu ya meza yangu, na kila mwisho wa mwezi nitakusomea maandishi yako mwenyewe. Usije ukaniambia ilikuwa barua ya asante tu."

"Sitasema hivyo."

"Wote husema hivyo."

Hawakupeana mkono. Amondi aliitikia kwa kichwa, akarudi bombani kuchukua mtungi wake, maana foleni ilikuwa inamtazama vibaya. Ni mpaka alipojitwisha ndipo nilimwona maji yakimmwagikia usoni, na sijui yapi yalikuwa ya bomba.

"Mnamwamini huyu?" Perez aliniuliza kwa sauti ambayo Kivuva aliisikia vizuri.

"Bado," nilisema.

Kivuva alikuwa anapangusa jasho kwa kiganja, akitafuta upande wa kutokea, na watu wa mtaa wamemzunguka bila kuonekana wamemzunguka, kila mtu na shughuli yake ya uongo. Perez alimtazama kutoka kola hadi viatu. Kutoka ndani kwake harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa imetoka imetukuta sote.

"Wewe wa sabuni," alimwambia, akisukuma mlango kwa mgongo ukafunguka wote. "Utasimama juani mpaka lini? Ugali uko mezani. Ingia ule, nikuangalie vizuri."